Kufupisha rekodi ya mkutano wa uchaguzi wa umoja wa wakazi: waliopendekezwa, kura na matokeo

Rekodi ya saa mbili na nusu ya mkutano wa umoja wa wakazi inaweza kutoa muhtasari wa kurasa mbili tu, na kurasa hizo ndizo zitakazofunguliwa siku mtu akisema "mimi niliibiwa kura". Kwa hiyo kazi ya mfupishaji si kuandika kila kilichosemwa. Anatakiwa kujibu maswali matatu kwa kila nafasi: nani alipendekezwa, kura ngapi zilipigwa na ziligawanyikaje, na nani alitangazwa. Hotuba, malalamiko ya maji, taka na mitaro vina muhtasari wao wa kawaida wa mkutano, visichanganywe na huu.

Mfano tutakaoutumia ni wa kutungwa, ila mazingira yake yanafahamika kwa mtu yeyote wa Mwanza. Umoja wa wakazi wa mlimani upande wa Nyegezi wanakutana Jumapili mchana chini ya mwembe, viti vya plastiki vimepangwa kati ya mawe, na simu inayorekodi imewekwa juu ya meza. Mchana upepo hutoka ziwani kupanda mlima, nao unaingia moja kwa moja kwenye maiki ya simu.

Kabla ya kusikiliza

Omba vitu vinne: rekodi yenyewe, daftari la mahudhurio, orodha ya wanachama hai na katiba ya umoja. Omba pia karatasi ambayo wahesabu kura waliandikia, kama bado ipo. Faili ulilopokea usilikate wala kulipunguza. Tengeneza nakala ufanyie kazi hiyo, na la kwanza ulihifadhi lilivyo. Rekodi ikitumwa kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, ubora hushuka na sauti za mbali hupotea, kwa hiyo mwambie aliyerekodi aitume kama waraka (document) au aje na simu muihamishe kwa waya.

Kwenye katiba huna haja ya kusoma yote. Tafuta akidi ni ngapi, mgombea anahitaji watu wangapi wa kumuunga mkono, kura ni ya siri au ya mikono, na mshindi hupatikana kwa kura nyingi kuliko wenzake au kwa zaidi ya nusu ya kura halali. Hilo la mwisho ndilo linaloamua jinsi utakavyosoma kila namba. Katiba ya mfano wetu inasema akidi ni nusu ya wanachama hai, na mshindi apate zaidi ya nusu ya kura halali. Wanachama hai ni 71, kwa hiyo akidi ni 36. Waliosaini mahudhurio ni 58. Hapo hakuna tatizo.

Mzunguko wa kwanza: ramani ya rekodi

Mara ya kwanza sikiliza bila kuandika maneno, andika muda tu. Ukitumia VLC kwenye kompyuta, kitufe `]` huongeza kasi, `[` huipunguza na `=` huirudisha kawaida. Hotuba zipitishe haraka. Ukisikia "sasa tunaingia kwenye uchaguzi", rudisha kasi ya kawaida na uanze kuandika.

Muda uandike kwa nafasi ya kwenye faili, mfano 1:19:05, na si kwa saa za mkutano. Mjumbe akisema "tulipiga kura saa tisa", hiyo ni saa ya ukutani, na atakayehakiki kazi yako hataweza kuitafuta kwenye faili. Ramani ya mfano wetu ilitoka hivi:

```
0:41:10  uongozi wavunjwa, msimamizi apokea
0:44:00  mapendekezo ya mwenyekiti
1:02:15  karatasi zagawiwa
1:13:30  kura zasomwa moja moja
1:19:05  matokeo, duru ya kwanza
1:20:40  hoja ya katiba
1:26:00  duru ya pili
1:41:20  matokeo, duru ya pili
1:44:00  katibu (mikono)
1:58:30  mhazini (mikono)
```

Katika mzunguko huu utakutana na tatizo ambalo msikilizaji mgeni halitegemei: neno "mwenyekiti". Kwenye rekodi moja linaweza kumhusu mwenyekiti anayemaliza muda, mwenyekiti wa mtaa aliyealikwa kama mgeni, msimamizi wa uchaguzi ambaye watu wanamwita "mwenyekiti wa kikao", na baada ya 1:41:20 mwenyekiti mpya. Mjumbe anaposema "namshukuru mwenyekiti, yeye ndiye aliyenipendekeza", huwezi kujua ni yupi mpaka usikie sauti inayojibu. Wape majina ya kazi kwenye daftari lako tangu mwanzo: anayemaliza muda, wa mtaa, msimamizi, mteule. Na kwenye kichwa cha muhtasari iandikwe wazi kuwa huu ni uchaguzi wa umoja wa wakazi. Serikali ya mtaa ina uchaguzi wake, wa mwisho ulifanyika 27 Novemba 2024, na karatasi inayosema tu "mwenyekiti wa Nyegezi achaguliwa" itazua maneno mjini.

Mapendekezo

Kila jina lililotajwa liingie, hata la aliyekataa. Watu wengi huandika waliobaki kwenye kinyang'anyiro tu, halafu miezi sita baadaye mtu anasema alipendekezwa na jina lake likafichwa. Kwa kila jina andika aliyependekeza, aliyeunga mkono, jibu la mwenyewe (amekubali, amekataa, hakuwepo) na muda.

Tofautisha kukataa na kujitoa. Anayekataa hakuwahi kuwa mgombea. Anayejitoa alikubali kwanza, akawa mgombea, kisha akabadili mawazo. Kama alijitoa baada ya karatasi kugawiwa, huenda kuna waliokwisha kumwandika, na kura hizo lazima zionekane mahali fulani kwenye hesabu.

Majina ndiyo yenye kazi kubwa. Mkutanoni watu huitana kwa majina ya watoto, ya kazi au ya ukoo, na daftari la wanachama lina majina ya kitambulisho. Kanda hii ina jambo lake la ziada: mama wa mapacha anaweza kuitwa Mama Kulwa na huyu, na Mama Doto na yule, wote wakimaanisha mtu mmoja. Katika mfano wetu wagombea uenyekiti ni Mama Kulwa, Mwalimu Shija na Baba Doto, na Baba Doto hana undugu wowote na Mama Kulwa. Wapo wajumbe wanaomwita Mama Kulwa "Mama Doto". Mfupishaji asiyejua hilo ataandika mgombea wa nne ambaye hayupo. Tibu hili kwa jedwali dogo pembeni: jina linalosikika, jina la kwenye orodha, namba ya uanachama. Msomee katibu anayemaliza muda jedwali hilo kwa simu kabla hujaendelea. Kwenye muhtasari wa mwisho weka jina la kwenye orodha, na la mtaani liwe kwenye mabano. (Hapa tunabaki na ya mtaani ili mfano usomeke.)

Angalia pia l na r. Wazungumzaji wengi wa Kanda ya Ziwa hubadilishana sauti hizi, "kura" ikasikika "kula". Hiyo haileti shida kwa kuwa maana inajieleza. Shida ipo kwenye majina, ambako hakuna maana ya kukuokoa, kwa hiyo tahajia ichukue kwenye daftari la mahudhurio, si sikioni.

Jina la nne, Mzee wa Duka, lilipendekezwa na mwenyewe akajibu kuwa afya haimruhusu. Linaandikwa: "alipendekezwa, akakataa, 0:49:20". Aliyemuunga mkono Baba Doto alisimama nyuma, upepo ukavuma, na jina lake halisikiki. Usilibahatishe kwa sauti. Andika "aliyeunga mkono hasikiki, 0:51:30", kisha uliza waliokuwepo. Wakikupa jina, liingize pamoja na maneno "kwa maelezo ya msimamizi", ili msomaji ajue halikutoka kwenye rekodi.

Kura: hesabu tatu zinazotakiwa kulala pamoja

Kwa kura ya karatasi kuna hesabu tatu, na zote zinatakiwa zikubaliane:

```
zilizotolewa = zilizorudi + zisizorudi
zilizorudi   = halali + zilizoharibika
halali       = jumla ya kura za wagombea wote
```

Msimamizi anatangaza kuwa karatasi 55 zimetolewa. Waliosaini ni 58, kwa hiyo watatu hawakuchukua karatasi. Usishtuke na wala usiandike 58 kama idadi ya wapiga kura. Mahudhurio huonyesha waliofika, karatasi huonyesha waliokuwepo wakati wa kura, na mkutano mrefu wa Jumapili watu huondoka.

Sasa matokeo ya 1:19:05. Unasikia: Mama Kulwa ishirini na sita, Mwalimu Shija kumi na tisa, Baba Doto saba, zilizoharibika mbili.

Au ulisikia ishirini na tisa, na kumi na sita?

Sita na tisa ni konsonanti zilezile zilizopindua nafasi. Kwenye rekodi yenye upepo, na watu wakianza kushangilia kabla namba haijaisha, sikio hupokea lile linalolitarajia. Na hapa pana mtego mbaya zaidi: 26 na 19 ni 45, na 29 na 16 nazo ni 45. Ukikosea zote mbili, jumla bado italala sawasawa: kura halali 52, zilizoharibika 2, zilizorudi 54. Hesabu zote tatu zitakubali kosa lako, ingawa kwa 29 Mama Kulwa ni mshindi wa moja kwa moja na kwa 26 hajafika. Jozi nyingine za kuogopwa ni saba na sabini mtu anapomeza mwisho wa neno, na thelathini na moja inayokatwa ikabaki thelathini.

Dawa yake ipo kabla ya tangazo, kati ya 1:13:30 na 1:19:05. Wahesabu hufungua kila karatasi na kuisoma kwa sauti: "Mama Kulwa… Mama Kulwa… Shija… Mama Kulwa… Doto…". Punguza kasi kidogo, chora safu tatu na moja ya zilizoharibika, na kila jina likisomwa piga kijiti, cha tano kikikatisha vinne. Fanya hivyo mara mbili, mara ya pili kwenye karatasi mpya bila kutazama ya kwanza. Ukipata 26, 19, 7 na 2 mara zote mbili, tangazo lilikuwa ishirini na sita. Majina hayafanani kama namba zinavyofanana, ndiyo maana hesabu hii inaaminika kuliko sikio lako kwenye tangazo. Kama kuna karatasi ya wahesabu, linganisha nayo mwishoni, si mwanzoni, vinginevyo utahesabu huku ukitafuta kuipata namba yao.

Wakati wa kupiga vijiti utakutana na 1:16:50. Mhesabu anasoma "Doto" tu, halafu kimya, halafu mabishano. Ni Baba Doto, au ni Mama Kulwa kwa jina lake lingine? Msimamizi anaamua imeharibika. Uamuzi huo unaingia kwenye muhtasari kwa sentensi moja: karatasi iliyoandikwa "Doto" pekee ilihesabiwa kuharibika kwa uamuzi wa msimamizi. Ya pili ilikuwa tupu. Huna kazi ya kusema kama aliamua vizuri, ila sababu ya kila karatasi kuharibika ni vizuri ionekane, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la aliyeshindwa.

Bado karatasi moja haijapatikana: 55 zilitoka, 54 zikarudi. Rudi kwenye muda wa kupiga kura usikilize kama kuna dalili. Saa 1:09:40 kwenye faili mtu anasema "mimi naondoka, mtaniambia", na kiti kinasogea. Yawezekana ni yeye, yawezekana si yeye. Unachoandika ni "karatasi 1 haikurudi", basi. Kuunganisha sauti hiyo na karatasi hiyo ni kumtuhumu mtu bila ushahidi. Pia ifahamike kuwa karatasi kupungua ni jambo dogo likilinganishwa na kuzidi. Zingerudi 56, kungekuwa na karatasi ambayo haikutolewa na msimamizi, na hilo ungeliandika mstari wa kwanza na kumpigia msimamizi kabla ya kuandika wa pili.

Matokeo, na vigelegele vinavyopotosha

Baada ya namba kutajwa, rekodi imejaa vigelegele na mtu anasikika akisema "mwenyekiti wetu huyo!". Mfupishaji mwenye haraka angemaliza hapo. Piga hesabu kwanza. Kura halali ni 52, nusu yake ni 26, na katiba inataka zaidi ya nusu, yaani 27. Mama Kulwa ana 26, nusu kamili. Kuongoza ameongoza, ila hajashinda. Dakika moja na nusu baadaye, 1:20:40, mjumbe anasoma kifungu hicho, msimamizi anakubali, na wawili wa juu wanarudiwa.

Duru ya pili karatasi zilitoka 54 na zikarudi 54. Mama Kulwa 31, Mwalimu Shija 22, iliyoharibika 1. Halali ni 53, kiwango cha kushinda ni 27, kwa hiyo 31 inatosha. Andika duru zote mbili. Ukiiacha ya kwanza, msomaji hataelewa Baba Doto alienda wapi.

Kwa kila nafasi tafuta sentensi ya tangazo rasmi: msimamizi anapomtaja mtu, nafasi na kuwa amechaguliwa. Ndiyo inayonukuliwa kwa muda wake. Pongezi za wajumbe si tangazo. Na kama tangazo linapingana na hesabu au katiba, na hakuna aliyelisahihisha mkutanoni, wewe pia usilisahihishe. Andika lilivyotangazwa, chini yake andika hesabu inavyoonyesha na kifungu kinachohusika, kisha uwaachie wenye mamlaka ya umoja. Muhtasari unaobadilisha mshindi si muhtasari tena.

Kura za mikono

Hapa hakuna karatasi, kwa hiyo usilazimishe mlinganyo wa juu. Kwa ukatibu walipendekezwa wawili, mmoja akakataa, akabaki Dada Pendo peke yake. "Amepita bila kupingwa" na "amepigiwa kura ya ndiyo na hapana" ni mambo mawili, na watu huyaita yote "kupita bila kupingwa". Sikiliza kama mikono iliitwa. Kwenye mfano iliitwa: ndiyo 47, hapana 4. Waliokuwepo ni 54, kwa hiyo watatu hawakunyoosha. Waandike "hawakupiga", usiwaongeze kwenye hapana.

Uhazini: Fundi Masanja 30, Mama Zawadi 23, mmoja hakunyoosha. Kwa kura ya mikono sauti ya mhesabu ndiyo ushahidi pekee, basi kama anahesabu kwa kutamka "ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini", mfuatilie hadi namba ya mwisho. Mtiririko huo unakulinda na ule mkanganyiko wa sita na tisa. Nani alimpigia nani kwa mikono usiandike, hata kama unasikia majina yanatajwa.

Umbo la mwisho

Sehemu ya mwenyekiti, ukiacha majina ya waliopendekeza na kuunga mkono ambayo hapa hatukuyaweka, haizidi hivi:

```
NAFASI: MWENYEKITI (kura ya siri)
Waliopendekezwa: Mama Kulwa (amekubali),
  Mwl. Shija (amekubali), Baba Doto (amekubali;
  aliyeunga mkono hasikiki 0:51:30),
  Mzee wa Duka (amekataa, 0:49:20)

Duru ya 1   zilizotolewa 55, zilizorudi 54,
            haikurudi 1, zilizoharibika 2
            (1 tupu; 1 "Doto" pekee, 1:16:50)
            halali 52, kiwango cha ushindi 27
  Mama Kulwa 26 | Mwl. Shija 19 | Baba Doto 7
  Hakuna aliyefikia kiwango (1:20:40)

Duru ya 2   zilizotolewa 54, zilizorudi 54,
            iliyoharibika 1, halali 53, kiwango 27
  Mama Kulwa 31, thelathini na moja | Mwl. Shija 22
  Ametangazwa: Mama Kulwa (1:41:20)
```

Juu ya ukurasa weka jina la umoja, tarehe, mahali, wanachama hai 71, akidi 36, waliosaini 58, jina la msimamizi, na urefu wa rekodi. Namba ziwe za tarakimu, na kura za washindi ziandikwe pia kwa maneno, kwa kuwa 26 hugeuzwa 28 kwa kalamu moja.

Rasimu mpelekee msimamizi na angalau mmoja wa wasiochaguliwa, kila mmoja na nakala yake, muda wa faili ukiwa umeachwa ndani ili aweze kwenda kusikiliza mwenyewe. Wakishasaini, peleka kwa katibu mpya pamoja na rekodi, karatasi za kura zilizofungwa kwenye bahasha na jedwali la majina. Karatasi zako mbili za vijiti usizitupe, zibandike nyuma ya nakala inayobaki kwenye faili la umoja mpaka muda wa kukata rufaa uliowekwa na katiba upite.